Kioo cha Kumtazamia Bintiye

Sikukipenda kile kioo tangu siku kilipoletwa. Bosi aliingia nacho studio amekikumbatia kifuani, kipande chembamba alichokatiwa kwa mtengeneza fremu za picha, na nyuma yake seremala kabeba sanduku la plaiwudi lisilo na mfuniko. Nikamuuliza kama tumeacha kupiga video za harusi, sasa tunafuga njiwa. Akatabasamu, akakilaza kioo mezani. Bosi wangu alikuwa mtu wa Moshi mjini, Mwislamu mpole kupita kiasi, na upole wake ndio ulionitia hasira zaidi, maana ukigombana naye unajikuta unagombana peke yako.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili, mji umejaa intaneti kafe na kompyuta za mitumba, kila aliyekuwa anauza sukari anauza na vocha za simu. Studio yetu ilikuwa vyumba viwili jirani na soko. Tulipiga harusi, kipaimara, misiba, na mara moja moja tangazo la chuo au la duka. Mimi nilikuwa mhariri. Nilikaa mbele ya kompyuta kutwa nzima nikikata na kuunga, na kazi iliyonichosha kuliko zote ilikuwa kuwakata watu wanaosoma. Mkuu wa chuo anakuja na karatasi yake, anasema "karibuni sana" huku anakaribisha magoti yake. Ukimwambia aache karatasi, anasahau hata jina la chuo.

Basi bosi alikuwa amepata dawa. Kule kafe alipakua programu ya kusomea. Unaiandikia maneno, nayo inayapandisha juu taratibu, makubwa, meupe kwenye weusi. Alinunua skrini bapa ya mtumba akailaza ndani ya lile sanduku ikitazama dari, akaiunganisha na kompyuta yangu kwa waya. Juu yake akakiinamisha kioo mshazari. Kamera ikakaa nyuma ya kioo, imefunikwa kitambaa cheusi, jicho lake tu limechungulia. Anayesema anayaona maneno kwenye kioo. Kamera haiyaoni, yenyewe inapenya kioo na kumwona msemaji tu. Mtu anasoma, na huku anaitazama kamera machoni.

Kioo hugeuza maandishi, kwa hiyo programu ilibidi iyageuze kwanza ili yakifika kwenye kioo yawe sawa. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba kompyuta yetu ile iliweza kuonyesha kitu kile kile tu kwenye skrini zote mbili. Msemaji akisoma vizuri kule, mimi huku nina maandishi kinyumenyume. Na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuyaendesha, kwa kidole kwenye gurudumu la mausi, kumfuata msemaji anavyokwenda. Wiki mbili nzima nilisoma kinyume mpaka kichwa kikauma. Nilimwambia bosi kwamba kwanza ni mateso, na pili ni uongo. Mtu anasoma halafu anajifanya hasomi! Akasema labda. Ndivyo alivyokuwa akimaliza mabishano yote.

Yule mama alikuja Jumatatu asubuhi, ameteremka kutoka Old Moshi na mkoba wa ukindu. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mkulima wa kahawa na ndizi, rozari shingoni, mikono mikubwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayengoja daktari. Ndani ya mkoba, limefungwa kwa kitambaa chenye unyevu, alikuwa na jani la isale.

Kwetu mlimani huhitaji kuelezwa isale. Ni mmea ule mrefu wa majani membamba tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la nyumbani, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Umemkosea mtu, unamletea isale, unamkabidhi mkononi. Akishaliona, si vizuri akatae. Mdomo mtupu watu huweza kuupuuza, lakini isale hapana. Nikajua kuna mtu amekosewa, na mtu huyo yuko mbali.

Alikuwa bintiye. Miaka mitatu nyuma, binti huyo aliyekuwa anasoma Ulaya alikuja likizo, akasimama mlangoni pa jiko akamwambia mama yake kwamba amepata mchumba huko, mgeni, na ataolewa huko huko. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuinua uso. Aliendelea kumenya, akasema kama ni hivyo asirudi tena. Binti akaondoka siku ya pili. Akapiga simu mara moja tu baada ya hapo, akasema sentensi ambayo yule mama aliirudia mbele yangu neno kwa neno, akiwa anatazama sakafu yetu:

"Mama, hata siku ya kunifukuza hukuniangalia."

Tangu hapo, kimya. Na sasa kadi ya harusi ilikuwa imefika, si kwa mama bali kwa mjomba wa binti. Viza asingepata tena kwa wakati. Ila kulikuwa na jamaa wa ukoo anayesafiri Alhamisi, ambaye angeweza kubeba diski na kumkabidhi binti kabla ya harusi. Mama alitaka amwombe mwanawe msamaha kwa sura yake mwenyewe, na jani mkononi, na alitaka amwangalie. Alilisema hilo neno mara tatu. Kumwangalia.

Nikasema hilo jambo dogo, kaa hapa, tazama pale, sema. Loo, mdomo wangu huwa unanitangulia. Mara ya kwanza alianza vizuri kabisa, mwanangu nisamehe, na kabla sijameza mate akawa anamuuliza kwa nini hata Pasaka hakupiga simu. Mara ya pili akamgombeza kwa kumtumia mjomba kadi. Mara ya tatu alimgombeza mjomba. Bosi akazima kamera. Yule mama akafuta uso kwa ncha ya kanga, akacheka kidogo kwa aibu.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi mdomo wangu nikiuachia, unagomba. Hata ninapolia unagomba."

Nikampa karatasi. Akaandika ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani, akaanza kuusoma mbele ya kamera. Kwanza ilibidi avae miwani. Pili, ilikuwa barua. Ama baada ya salamu, dhumuni hasa la kukuandikia ni kukujulisha kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Mama anamwomba mwanawe radhi kama katibu kata anayetangaza mkutano. Na tatu, karatasi mkono mmoja, isale mkono mwingine, jani linapinda, karatasi inatetemeka. Isale halitolewi hivyo. Linashikwa kwa adabu, mikono yote miwili.

Nikamrudishia kwenye skrini aone alichofanya. Aliona kitambaa cha kichwa, paji la uso na kope mbili zilizoinama. Akatazama mpaka mwisho, halafu akasema taratibu, "Ndivyo anavyonionaga siku zote."

Hakulia. Ningependelea alie. Bosi, ambaye muda wote alikuwa ameegemea mlango, akaenda kuchukua lile sanduku, akaanza kulifuta vumbi. Hakunitazama, maana alijua ningesema nini. Safari hii nikaenda kumshikia waya.

Kazi ya kwanza ilikuwa maneno. Nikaiweka ile barua pembeni, nikaagiza chai na maandazi, nikamwomba anisimulie tu mimi, kama jirani. Alivyosimulia nikaandika kwa maneno yake, sentensi fupi fupi, anavyopumua. Alipoanza kugomba niliacha kuandika, nikanywa chai. Akiona nimeshika kikombe, anacheka, anarudi kwenye mstari. Sentensi moja aliisema kwa Kichagga, ile ya kumkabidhi jani, akasema hiyo kwa Kiswahili haina uzito. Nikaiandika inavyosikika. Nilimsomea yote, akasema hayo ndiyo anayoyataka, na kwamba hajawahi kuyasema yote kwa pamoja bila kuongeza tusi.

Hapo ndipo nilipoanza kutetereka na ule msimamo wangu wa uongo na ukweli. Yale yaliyotoka mdomoni mwake bila karatasi yalikuwa ya hasira tu. Yaliyoandikwa ndiyo yalikuwa yake.

Tukamkalisha mbele ya kioo. Alipoona maneno yanaelea mahali pa jicho la kamera alijivuta nyuma, akapiga ishara ya msalaba, kisha akasogea tena kusoma. Akavua miwani. Kwa mbali aliona vizuri, ni kwa karibu tu macho yalikuwa yamechoka, kwa hiyo bosi aliirudisha kamera na sanduku lake nyuma hatua mbili, na mimi nikayakuza maandishi. Jaribio la kwanza mistari ilikuwa mipana, na kwenye picha macho yake yalikwenda kushoto, kulia, kushoto, kama anayewahesabu kuku wanaopita mlangoni. Bosi akasema tuibane. Nikaibana mistari katikati, maneno matatu manne kila mstari. Kamera ikiwa mbali na mistari ikiwa myembamba, macho yalitulia. Na mstari anaousoma nikauweka usawa wa jicho la kamera, si juu wala chini yake.

Halafu tukaanza, na hapo kukatokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka. Yule mama alikuwa na adabu. Aliona maneno yanakuja kwake, akaona si vizuri kuyakimbia, akapunguza mwendo ili yamfikie. Mimi kazi yangu ni kumfuata, nikaona amepunguza, nikapunguza. Akaona yamepunguza, akapunguza zaidi. Neno moja. Kimya. Neno moja. Kimya. Mwishowe maneno yalisimama kabisa, na yeye amesimama, mimi nimesimama, kila mmoja anamngoja mwenzake kwa heshima zote. Tumekaa hivyo. Kisha akauliza kwa huruma, bila kuondoa macho kwenye kioo, "Mwanangu, kimechoka?"

Mimi nikalipuka. Nilimwambia asiingoje mashine, mashine haina babu wala bibi wa kuheshimiwa, aende zake! Nilipaza sauti. Mtu mzima wa umri wa mama yangu, amekuja na msiba wake, nami nampigia kelele kwa sababu nimechoka kusoma kinyume. Bosi alikohoa. Nikaona haya mpaka masikioni. Nikaenda nikachutama mbele yake, nikaomba radhi, nikamwelezea pole pole kwamba hakuna mashine inayojiendesha pale, ni mimi, kidole changu hiki, na kwamba yeye ndiye anayeongoza. Akienda, nakwenda. Akinyamaza, maneno yatamngoja pale pale, hata kwa muda wa Baba Yetu nzima.

Akafikiri. "Kumbe ni kama mtoto aliyeshika kanga yangu," akasema. "Anakuja nyuma. Sina haja ya kugeuka."

Sijawahi kusikia mtu akiieleza ile kazi vizuri zaidi, na tangu hapo nimewafundisha watu wengi kwa maneno yake.

Bado kulikuwa na kukodoa. Aliogopa kupepesa asije akapoteza mstari, akawa anatazama kama aliyeona nyoka. Bosi ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba hakuna mtu anayemtazama mwenzake hivyo, hata ampende vipi. Nikaingiza nafasi tupu sehemu mbili kwenye maandishi. Nikamwambia hapo ashushe macho alitazame jani, apumue, kisha arudi, mstari atauona ulipokuwa. Akauliza kama kweli anaruhusiwa kuinama. Nikasema anaruhusiwa, mradi arudi.

Mkanda wa nne ndio tulioutuma. Ameketi wima, jani kwenye mikono miwili, na anamwambia mwanawe kwamba siku ile jikoni hakuinua uso kwa sababu machozi yalikuwa yamejaa, na kwao msichana hakufundishwa kulia mbele ya mtoto. Kwamba neno la "usirudi" lilitoka kwenye woga. Kwamba huyo mume wake naye anakaribishwa, na kihamba kina ndizi za kutosha. Akashusha macho kwenye jani, akapumua. Kidole changu kikakaa kimya kwenye gurudumu. Akarudi, na mstari ulikuwa pale, na macho yake yakaingia moja kwa moja kwenye kamera. Mimi niliyekuwa pembeni, ninayejua kila neno lilipo, nilihisi anamtazama mtu. Alipofika kwenye ile sentensi ya Kichagga bosi hakuelewa hata neno, nikamwona anafuta macho kwa mkono wa shati. Nilikuwa nalia pia, na kusoma kinyume huku unalia, wallahi, si kazi ya mchezo.

Dakika tatu. Hakugombeza mtu yeyote. Alipomaliza aliuliza kama maneno yanaonekana kwenye picha. Nikamwonyesha. Alijitazama akijitazama, akagusa skrini kwa kidole mahali macho yalipo. Jani lenyewe tuliliweka kwenye kasha pamoja na diski, nalo likasafiri Alhamisi.

Kisha tukangoja. Wiki ya harusi ikapita. Mwezi ukapita. Kila siku ya soko yule mama alipita studio, anaacha mkungu wa ndizi au parachichi, hasemi lililomleta, nasi hatuulizi. Nilianza kumchukia yule binti, mtu nisiyemjua. Isale limekufikia mkononi, unakaa kimya? Watu gani hao wasomi.

Karibu na Krismasi, watu wanaporudi mlimani kutoka kila kona, yule jamaa akarudi, na diski nyingine, ya binti, ikaja naye. Mama hakwenda nayo kwa mjomba wala kwa jirani mwenye deki ya kuchezea diski. Aliileta kwetu, ndani ya ule mkoba, imefungwa kwa kitambaa kile kile. Akasema anataka aione mahali alipoisema yake.

Nikaiweka kwenye kompyuta. Akatokea binti, amekaa jikoni kwake mbele ya kamera ndogo ya kompyuta, sweta zito, sura ya mama yake imechorwa upya. Mkononi alishika lile jani, limekauka, limekuwa kahawia. Akasema shikamoo mama. Na mimi, kwa jicho langu bovu la uhariri, nikaona mara moja. Macho yalikuwa chini ya kamera, hayatazami mbele. Yanakwenda kushoto, kulia, kushoto. Kuna maandishi kwenye skrini yake, na anayasoma.

Damu ilinipanda. Mama wa watu amehangaika kutwa nzima mbele ya kioo ili amwangalie, na huyu aliyelalamika kwamba haangaliwi anamsomea kama taarifa ya habari! Nikamtazama mama kwa pembeni nikijua ameona. Aliona. Alikuwa amesogeza kiti mpaka pua iko karibu na skrini, anayafuata yale macho yanavyokwenda na kurudi.

"Anasoma," akasema. Nikafungua mdomo kusema lolote la kumtetea, lakini hakuwa amemaliza. "Basi aliandika. Hakutaka kugomba."

Bosi akasema kwa upole kwamba huko labda hana kioo. Mama akakubali, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema maskini, na wala hana mtu wa kumshikia kanga.

Binti aliendelea. Alisema amelipokea jani. Alisema atakuja na mumewe, mwakani, kahawa ikiiva. Halafu akafika mahali sauti ikamkatika, akafuta uso, na aliporudi kwenye skrini yake macho yakaanza kuhangaika juu na chini. Maneno yalikuwa yamemkimbia. Kimya kikaingia, kirefu, kamera inamwangalia tu. Mimi kwa mazoea ya kazi nikapeleka mkono niruke hapo, maana kimya kama kile huwa nakikata.

Mkono mkubwa ukanishika kifundo.

"Mngoje," akasema mama. "Anatafuta mstari wake."

Tukamngoja, watatu sisi, mpaka akaupata.